Arbuni ya vigae na hasara ya shilingi 280,000 ambayo haikuwapo

Mwanzoni mwa Juni 2024 niliitwa na mzee mmoja mwenye duka la vigae hapa Mombasa. Nilimkuta ameketi nyuma ya kaunta, karatasi moja mkononi, na karani wake, binti wa miaka ishirini na kitu, amesimama pembeni macho yakiwa sakafuni. Karatasi ilikuwa taarifa ya faida na hasara ya miezi mitano. Mzee alikuwa ameuzungushia kalamu nyekundu mstari mmoja: hasara ya ubadilishaji wa fedha, shilingi 280,000.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi naagiza mali kutoka nje. Dola ikipanda naumia, dola ikishuka napumua. Mwaka huu dola imeshuka. Hii hasara imetoka wapi?"

Karani akajibu kwa sauti ya chini, "Ami, mimi sikuiandika. Ni mfumo umeitoa wenyewe."

Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Swali la mzee lilikuwa sahihi kuliko alivyojua, na hakuna senti iliyoibwa. Kosa lilikuwa katika jinsi arbuni aliyoipeleka Uchina mwezi Januari ilivyowekwa kitabuni, na jinsi ilivyokuja kukatwa kwenye ankara ya mwisho mali ilipofika.

Nianze na biashara yenyewe. Tarehe 4 Januari 2024 kiwanda cha Foshan, mji wa mkoa wa Guangdong unaojulikana kwa vigae, kilimtumia mzee proforma, yaani ankara ya awali, ya mita za mraba 5,000 za vigae vya sentimita 60 kwa 60, kwa dola 8 kila mita. Jumla dola 40,000, bei ya kupakiwa melini, nauli ya meli juu ya mnunuzi. Mzigo wa makontena manne ya futi 20. Vigae hupakiwa kwenye kontena fupi kwa sababu ya uzito: kontena hufikia kikomo cha tani kabla nafasi haijajaa, kwa hiyo kontena refu halina faida.

Sharti lilikuwa asilimia 30 mbele ndipo kiwanda kianze kuchoma, na asilimia 70 ndani ya siku 60 baada ya mzigo kupakiwa. Hilo la siku 60 ni heshima waliyompa kwa sababu wamefanya naye kazi muda mrefu. Mteja mgeni kwa kawaida humaliza salio akiisha kuonyeshwa nakala ya hati ya shehena, mali ikiwa bado baharini.

Tarehe 16 Januari mzee akatuma dola 12,000. Wakati huo dola moja ilikuwa imevuka shilingi 160, na benki yake ilimuuzia kwa 162. Zikatoka shilingi 1,944,000 kwenye akaunti yake.

Kiwanda kilifunga kwa Mwaka Mpya wa Kichina, ulioangukia tarehe 10 Februari, na kazi ikaendelea baada ya likizo. Katikati hapo shilingi ya Kenya ikageuka. Mwezi Februari serikali ilitoa hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 katika soko la nje na kununua sehemu kubwa ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Hofu ya Kenya kushindwa kulipa ikapungua, na dola ikaanza kushuka wiki baada ya wiki. Mzigo ulipopakiwa tarehe 20 Machi, benki ya mzee ilikuwa inauza dola kwa 134. Meli ikatia nanga Kilindini tarehe 17 Aprili, wiki moja baada ya Idi. Tarehe 17 Mei mzee akalipa salio, dola ikiwa 132.

Kwa hiyo kuna siku tatu za viwango vitatu: 162 siku ya arbuni, 134 siku ya kupakiwa, 132 siku ya kumaliza deni. Kisa chote kimo katika kujua kila dola ishike kiwango cha siku gani.

Hivi ndivyo karani alivyofanya. Mwezi Januari aliingiza dola 12,000 moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji, ambayo kwenye mfumo wao imefunguliwa kwa dola. Kwa kuwa hapakuwa na ankara, mfumo ukaiweka kama malipo yaliyozidi, yaani kama kwamba kiwanda kinadaiwa dola 12,000 na duka. Mali ilipofika akaingiza ankara nzima ya dola 40,000 na kuipa kiwango cha 134. Kisha akabonyeza kitufe cha kuunganisha malipo na ankara.

Hapo ndipo mfumo ulipoandika hasara. Uliona malipo ya dola 12,000 yaliyoingia kwa shilingi 1,944,000, na sehemu ya ankara ya dola 12,000 iliyoingia kwa shilingi 1,608,000. Tofauti ni shilingi 336,000, na mfumo hauna njia ya kuisoma isipokuwa kama hasara ya ubadilishaji. Mwezi Mei salio la dola 28,000 lililoandikwa kwa 134 likalipwa kwa 132, ikatoka faida ya shilingi 56,000. Toa 56,000 kwenye 336,000, unapata 280,000 za kalamu nyekundu.

Zile 56,000 ni za kweli. Duka lilikuwa na deni la dola, dola ikashuka kabla ya kulipa, duka likatoa shilingi pungufu. Hata dereva wa tuktuk aliyekopa dola angeuelewa mstari huo.

Zile 336,000 si za kweli, na sababu yake nilimweleza mzee hivi. Nikamuuliza, "Ami, baada ya kutuma ile arbuni, ulikuwa unakidai kiwanda nini?"

"Vigae," akajibu bila kufikiri.

"Hukuwa unakidai dola?"

"Dola za nini? Dola nimeshawapa. Nataka vigae vyangu."

Jibu lile ndilo kanuni yenyewe. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinagawa mali na madeni ya fedha za kigeni katika mafungu mawili. Kuna vitu vya fedha, ambavyo vitamalizwa kwa kupokea au kutoa pesa, na hivi hupimwa upya kila mwisho wa kipindi hadi vimalizwe. Kuna vitu visivyo vya fedha, ambavyo vitamalizwa kwa bidhaa au huduma, na hivi hubaki na thamani ya siku vilipoingia kitabuni. Arbuni ya vigae iko kwenye fungu la pili. Mnamo Januari mzee alitoa shilingi 1,944,000 na akapata haki ya vigae, na tangu siku hiyo dola haikuwa na la kufanya na pesa ile tena. Dola ingepanda hadi 200 au kushuka hadi 100, kiwanda kingeleta vigae vilevile.

Jambo hili liliwahi kuchanganya wengi, ndiyo maana ukatolewa ufafanuzi wake maalumu, IFRIC 22, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Unasema kwamba ukilipa mbele kwa fedha ya kigeni, siku ya kuchukua kiwango kwa ajili ya sehemu hiyo ya bidhaa ni siku uliyolipa, si siku bidhaa ilipofika. Ukilipa mbele mara mbili au tatu, kila fungu linashika kiwango cha siku yake.

Basi hesabu ya vigae vile inakuwa hivi: dola 12,000 kwa 162, pamoja na dola 28,000 kwa 134. Jumla shilingi 5,696,000, kabla ya nauli na ushuru. Kitabu cha karani kilionyesha 5,360,000, yaani dola zote 40,000 kwa 134. Shilingi 336,000 zilizopungua kwenye gharama ya mali ndizo zilezile zilizotokea upande wa pili kama hasara.

Mtu anaweza kusema, basi si yaleyale, iwe gharama au iwe hasara, pesa imetoka? Mzee mwenyewe aliniuliza hivyo. Nilimwomba karani alete daftari la mauzo. Kwa gharama ya kitabu, kila mita ilikuwa imesimama shilingi 1,072 kabla ya nauli na ushuru. Kwa gharama ya kweli ilikuwa shilingi 1,139 na senti 20. Tofauti ni shilingi 67 kwa mita. Mwezi Aprili fundi mmoja mkubwa wa majumba ya Nyali alikuja kutaka mita 600 kwa mkupuo na akabana bei. Mzee akatazama gharama kwenye kompyuta, akaona bado ana nafasi, akateremsha. Nafasi aliyoiona, shilingi 67 zake kwa kila mita hazikuwapo. Hiyo ni zaidi ya shilingi 40,000 kwa mteja mmoja, zilizotolewa na mtu aliyeamini kitabu chake.

Hapa sitaki kumdanganya msomaji. Bei ya vigae haipangwi na gharama yako peke yake. Jirani aliyeanza kuagiza Machi, aliyelipa kila kitu kwa 134 kushuka chini, ana mali ya bei nafuu kuliko mzee, na atauza kwa bei ambayo mzee hana budi kuifuata. Lakini mzee anastahili kujua kwamba anaifuata akiwa na faida nyembamba, na kiasi gani. Na kama bei ya soko ingeshuka hadi chini ya gharama ya kweli, hapo ndipo kitabu kingepaswa kuonyesha hasara, kwa kuishusha thamani ya vigae vilivyobaki stoo hadi bei vinayoweza kuuzika. Hiyo ni hasara ya mali, ina ushahidi wake sokoni, na haihusiani na kitufe cha kuunganisha malipo.

Tukarekebisha. Mfumo wao, kama mingi inayotumiwa na maduka ya hapa, haujui kutofautisha arbuni na malipo yaliyozidi, kwa hiyo lazima binadamu autenganishie. Tulifungua akaunti mpya upande wa mali, jina lake Arbuni kwa Wauzaji wa Nje, na tukaifungua kwa shilingi. Hilo la shilingi ndilo la muhimu. Ukiifungua kwa dola, kila mwisho wa mwezi mfumo utaipima upya na kukuletea faida au hasara za hewa hata kabla meli haijang'oa nanga. Idadi ya dola tunaiandika kwenye maelezo, pamoja na namba ya proforma.

Kisha siku ya arbuni na siku ya kupakiwa zikaandikwa hivi:

```
16/01/2024
Debiti   Arbuni kwa Wauzaji wa Nje      1,944,000
Krediti  Benki                          1,944,000

20/03/2024
Debiti   Mali Iliyo Njiani              5,696,000
Krediti  Arbuni kwa Wauzaji wa Nje      1,944,000
Krediti  Wadai (USD 28,000 x 134)       3,752,000
```

Niliweka tarehe 20 Machi na si 17 Aprili kwa sababu bei ilikuwa ya kupakiwa melini. Kwa sharti hilo hatari ya mali inakuwa yako ikishapakiwa, na kitabuni mali huhesabiwa kuwa yako tangu hapo. Deni la dola 28,000 linaanza siku hiyo, na siku 60 zinahesabiwa kutoka hapo. Maduka mengi husubiri kontena lifike ndipo waandike, na kwa mzigo ulioingia na kuuzwa ndani ya mwaka mmoja wa hesabu madhara huwa madogo. Lakini meli ikiwa baharini tarehe 31 Desemba, mali ya mamilioni na deni lake vyote vinakosekana kwenye mizania. Kontena lilipofika stoo, tukahamisha kutoka Mali Iliyo Njiani kwenda kwenye akaunti ya mali iliyo stoo, pamoja na nauli, ushuru na gharama za bandari. VAT ya asilimia 16 iliyolipwa forodhani haikuingia humo, kwa sababu duka limesajiliwa na linairejesha kwenye marejesho yake ya kila mwezi.

Hadi mwisho wa Mei mita 3,000 zilikuwa zimeuzwa na 2,000 zimebaki. Kwa hiyo zile 336,000 tulizifuta kwenye hasara na kuzigawa kwa mita: 201,600 zikaenda kwenye gharama ya mali iliyouzwa, 134,400 zikarudi kwenye thamani ya vigae vilivyo stoo. Faida ya miezi mitano ikapanda kwa 134,400. Mzee alitabasamu kidogo hapo, nami nikamkumbusha kwamba kiasi hicho kitashuka tena mita 2,000 zikiuzwa, maana sasa zimebeba gharama yake halali.

Tukiwa tumekaa, karani akaleta jambo la pili lililokuwa likimnyima usingizi. Taarifa ya kiwanda ilisema duka halidai wala halidaiwi. Kitabu cha duka kilisema kiwanda kinadaiwa dola 30. Ni kitu kidogo, na kilimsumbua kwa sababu ni kidogo na hakiondoki.

Nikaomba ujumbe wa benki wa Januari, ule MT103 ambao wakati huo benki ilikupa ukiuomba baada ya kutuma pesa nje. Kwenye sehemu ya ada palikuwa pameandikwa SHA, maana yake kila upande unabeba ada zake. Benki ya katikati ilikata dola 30 njiani, kiwanda kikapokea 11,970. Kwenye ankara ya mwisho kiwanda kiliandika bei 40,000, arbuni iliyopokewa 11,970, salio 28,030. Mzee akalipa 28,030 kama ilivyoandikwa, na kitabu kilichotambua deni la 28,000 kikaona amezidisha 30. Dola zile 30 hazikuwa bei ya vigae wala deni la kiwanda. Ni ada ya benki, shilingi 3,960 kwa kiwango cha siku ya kulipa, tukaziandika huko na akaunti ya muuzaji ikasoma sifuri. Anayetaka kuepuka hili humwambia karani wa benki aweke OUR, ada zote abebe mtumaji, ili arbuni ifike kamili.

Ankara hiyohiyo ilikuwa karibu ilete balaa kubwa zaidi bandarini, na nashukuru wakala wao wa forodha alikuwa makini. Mstari wa chini kabisa, wenye herufi nene, ulikuwa ule wa salio: dola 28,030. Kijana wa ofisi ya wakala aliuchukua huo kama thamani ya mzigo. Kilichomshtua mkubwa wake ni kwamba fomu ya IDF, tamko la mali inayoagizwa kutoka nje, iliyojazwa kutokana na proforma kabla mzigo haujapakiwa, ilikuwa na dola 40,000. Akampigia karani simu kuuliza kama sehemu ya mzigo imeachwa Uchina.

Thamani ya forodha ni bei yote iliyolipwa au itakayolipwa kwa mali, kisha nauli na bima hadi Mombasa. Arbuni ni sehemu ya bei iliyolipwa. Kutangaza salio peke yake ni kutangaza mali pungufu kwa karibu asilimia 30, na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wakikuta proforma ya 40,000 na tamko la 28,030, hawatasikiliza habari za mstari wenye herufi nene. Tangu hapo karani humwomba muuzaji atoe ankara ya bei kamili peke yake, na hesabu ya arbuni na salio aiweke kwenye taarifa tofauti.

Na kiwango cha forodha ni kingine tena. KRA wanatumia kiwango chao, cha siku za tamko, kwa dola zote 40,000, nauli na bima, bila kujali kwamba 12,000 zilitoka kwa 162. Karani alikuwa ameanza kufikiri kwamba kwa kuwa kiwango hicho kimepigwa muhuri na serikali, ndicho cha kuandikia mali kitabuni. Sivyo. Kinakokotoa ushuru, na ushuru uliolipwa unaingia kwenye gharama kwa shilingi zake kama zilivyo. Bei ya vigae inabaki na viwango vya siku zake.

Mzee akauliza swali la mwisho, la mtu aliyewahi kuumwa: "Na kama wangenigeuka? Wakasema hawana vigae, chukua pesa yako?"

Hapo mambo yanabadilika. Siku makubaliano yanapovunjika na kiwanda kikakubali kurudisha, haki ya vigae inakufa na mahali pake panazaliwa deni la dola 12,000. Sasa ni kitu cha fedha, kinapimwa upya kwa kiwango cha siku hiyo na kila mwisho wa kipindi hadi pesa iingie. Kama ingekuwa Machi, kwa dola ya 134, mzee angekuwa na hasara ya kweli ya shilingi 336,000, kiasi kilekile alichokizungushia wino, safari hii kikistahili kuwapo. Na kama kiwanda hakirudishi wala hakileti, suala si kiwango tena, ni kama kuna chochote kitakachopatikana, na kisichopatikana lazima kifutwe.

Kabla sijaondoka karani alinionyesha oda mpya. Mzee alikuwa ametuma arbuni nyingine wiki ile, dola 9,000 za vigae vya ukutani. Alikuwa ameshaiandika kwenye akaunti mpya, kwa shilingi, na kwenye maelezo ameweka namba ya proforma, kiwango cha benki, na neno OUR.